Breki za Upepo: Kutafuta Mahali Presha Inapopotelea

Swali: Lori lisilo na trela liliegeshwa jioni geji ikisoma paundi 120 kwa kila inchi ya mraba. Asubuhi geji inasoma 70. Eleza hatua za kutafuta hitilafu.

Watahiniwa wengi hukimbilia kuandika "kompresa imechoka". Jibu hilo si sahihi. Usiku injini ilikuwa imezimwa, hivyo kompresa haikuwa kazini. Isitoshe, mlangoni mwa tangi kuna vali ya njia moja inayozuia upepo usirudi kwenye kompresa. Upepo umetoka mahali fulani baada ya vali hiyo.

Kumbuka pia somo la gesi: hewa ikipoa, presha hushuka hata bila kuvuja. Hewa ya tangi ikipoa kutoka nyuzijoto 47 hadi 27 za Selsiasi, geji itashuka kutoka 120 hadi karibu 112. Kwa hiyo paundi 8 hivi zinaweza kuwa za baridi, lakini 42 zilizobaki ni za uvujaji. Ndiyo maana fundi hategemei kipimo cha usiku kucha. Hupima kwa dakika moja.

Hatua ya 1: Pima bila kukanyaga. Weka kabari kwenye magurudumu. Washa injini mpaka presha ifike kikomo, kisha izime na uachie breki ya kuegesha. Subiri geji itulie, halafu hesabu dakika moja. Katika jaribio la leseni za malori nchini Marekani, lori la namna hii haliruhusiwi kupoteza zaidi ya paundi 2. Tuseme letu limeshuka kutoka 120 hadi 119. Hapo ni salama.

Hatua ya 2: Pima huku umekanyaga. Kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie. Geji itashuka mara moja, kwa sababu upepo unajaza chemba za breki. Mshuko huo usiuhesabu. Ikitulia, hesabu dakika moja tena. Kikomo sasa ni paundi 3. Letu limepoteza 6.

Tumia akili hapa. Pedali ikiwa juu, upepo haufiki kwenye mipira ya breki wala kwenye chemba zinazosukumwa na pedali. Ukikanyaga, unafika. Kwa kuwa uvujaji mkubwa umeonekana wakati wa kukanyaga tu, usipoteze muda kwenye matangi. Anza kwenye vali ya pedali na ufuate njia kuelekea magurudumuni.

Hatua ya 3: Tafuta kwa povu. Mwenzako akiwa ameshikilia pedali, sikiliza kwanza, kisha paka maji ya sabuni kwenye viungo, mipira na chemba. Kwenye lori letu povu linafura katika tundu dogo la chemba ya mbele kushoto. Maana yake diaframu ya ndani imechanika. Ibadilishe, kisha rudia hatua ya 1 na ya 2.

Angalizo: Chemba nyingi za nyuma zina springi kubwa iliyobanwa ndani. Usizifungue kiholela; springi hiyo ikifyatuka inaweza kuua.

Hatua ya 4: Kagua gavana na kompresa. Hapa injini inawaka. Kazi ya gavana ni kuiamuru kompresa iache kujaza presha ikifika kati ya 120 na 135, na ianze tena ikishuka paundi 20 hadi 25 chini ya hapo. Kompresa ikiacha kujaza kwenye 95, shuku gavana; lakini kwanza hakikisha kwa geji nyingine kwamba ile ya dashibodi haidanganyi. Kuhusu kompresa, pima muda: kwenye mfumo wenye matangi mawili, presha ipande kutoka 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45 injini ikiwa katika mwendo wake wa kazi. Ikichelewa, angalia chujio la hewa, mkanda kama upo, na bomba linalotoka kwenye kompresa. Bomba hilo liko kabla ya vali ya njia moja, hivyo likivuja, vipimo vya injini iliyozimwa havitalionyesha.

Jipime: Lori halipotezi upepo likizimwa, lakini hujaza polepole sana, na ukifungua koki ya kutolea maji chini ya tangi yanatoka mafuta mengi. Taja hitilafu.

Jibu: Ringi za pistoni ya kompresa zimelika. Hazibani hewa vizuri, na zinaruhusu oili ipite pamoja na upepo.