Kuwafundisha Wenzako Kukuhoji Kabla ya Siku ya Utetezi

Wanafunzi wa uzamili wanapokusanyika kumsikiliza mwenzao anayekaribia kutetea tasnifu, mara nyingi maswali huwa ya aina mbili. La kwanza ni "Kwa nini ulichagua mada hii?", ambalo jibu lake mtahiniwa amelikariri tangu alipoandika pendekezo la utafiti. La pili ni hotuba: mwulizaji anaeleza utafiti wake mwenyewe kwa dakika nne, kisha anamalizia na "una maoni gani?" Mtahiniwa hutoka hapo akijiona yuko tayari, na jopo halijamgusa bado.

Wenzake hawana nia mbaya. Hawajasoma kazi yake, na hakuna aliyewafundisha kuuliza. Kwa hiyo maandalizi yaanze kwao. Wiki moja kabla, kila mmoja apewe sura moja tu ya kuisoma kwa makini, maana ukiwapa tasnifu nzima watasoma ikisiri na kuishia hapo. Aje na maswali matatu yaliyoandikwa, kila moja likiwa na namba ya ukurasa uliolizaa. Sharti hilo la ukurasa peke yake huondoa hotuba nyingi.

Kabla ya siku yenyewe, wakae nusu saa wafanye mazoezi kwa tasnifu ya zamani kutoka maktaba. Wote wasome ukurasa mmoja wa mbinu za utafiti, kila mtu aandike swali, kisha wabadilishane karatasi. Swali linalojibika kwa "ndiyo" liandikwe upya. Lisilojibika kabisa, hata mwandishi angekuwapo, litupwe. Linalobaki ni lile ambalo jibu lake lingeweza kubadilisha sentensi fulani ndani ya kazi, na hilo ndilo swali gumu lenye faida.

Tuchukue mfano. Mtahiniwa amechunguza matumizi ya mbegu chotara za mahindi kwa wakulima wadogo wa kata moja. Idadi ya wakulima ni 1,200, naye ametumia fomula ya Yamane, n = N / (1 + N × e²), kwa kiwango cha makosa cha 0.05. Hesabu inatoa 300, na ni sahihi. Mwenzake asiyezoea kuuliza atauliza kwa nini ametumia Yamane, naye atajibiwa kwamba wengi huitumia. Aliyefunzwa ataanza kwingine: "Mtahiniwa, ukurasa wa 41, orodha ya wakulima 1,200 uliipata wapi?" Kwa afisa ugani. "Orodha hiyo iliandaliwa kwa ajili ya nini?" Kuandikisha wanaopata mbolea ya ruzuku. "Basi mkulima ambaye hakujiandikisha yuko wapi katika hitimisho lako la ukurasa wa 78, linalosema wakulima wadogo wa kata hii?"

Hapo mtahiniwa hunyamaza, na ni heri anyamaze leo. Maswali hayo matatu ni mafupi, hayana ukali wa sauti, na kila moja limezaliwa na jibu lililotangulia. Ufuatiliaji huo ndio ustadi ninaoutilia mkazo kuliko wowote, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi limeandaliwa, na la tatu ni nadra kuandaliwa.

Siku ya zoezi awepo mwenyekiti mwenye saa: dakika 20 za uwasilishaji, 40 za maswali, na asiruhusiwe mtu kumwokoa mtahiniwa katikati. Mmoja asiulize chochote. Kazi yake ni kuandika kila swali neno kwa neno, pamoja na alama pale jibu lilipokwenda kando. Mtahiniwa akiwa anajibu hawezi kukumbuka alichoulizwa. Bila karatasi hiyo saa nzima hupotea.

Baadaye maswali yagawanywe. Kuna ambayo jibu lake limo kwenye tasnifu ila alisahau mahali. Hayo yanatibiwa kwa kuweka alama kwenye kurasa. Kuna yanayodai marekebisho, kama la orodha ile: hitimisho lipunguzwe liseme wakulima walioandikishwa, na upungufu utajwe wazi. Yakibaki maswali yaliyojibiwa vizuri tu, ujue sura hazikusomwa, na zoezi lirudiwe na watu wengine.

Kuna jambo moja ambalo kundi la marafiki haliwezi kulitoa, nalo ni ujuzi wa mtahini wa nje aliyebobea katika fani hiyo. Yeye anaweza kuuliza juu ya makala ambayo hakuna kati yao aliyeisoma. Kwa hilo mtahiniwa amwombe msimamizi wake amwelekeze kwenye mijadala inayoendelea katika fani, kisha ampe mwenzake mmoja makala mbili zinazopingana na matokeo yake, aje kuzitetea mbele yake.