Risiti Imefutika, Hela Kala Nani?

Wewe na mwenzi wako mko kwenye kikoba? Basi mnaijua ile siku ya kugawana, mahesabu yakigoma na macho yote yakamgeukia mweka hazina. Kwenye kikundi kimoja cha Mchukwi, wilayani Kibiti, ilishatokea. Dada wa watu alitoa risiti ya viti, karatasi ikawa nyeupe pee! Mumewe akaambiwa ale kiapo kwa niaba yake.

Siku tuliyowatembelea, mwezeshaji alianzia hapohapo. Risiti ya mashine haina wino, alisema. Maandishi yake huchorwa kwa joto, halafu jua, mafuta ya mkononi na mfuko wa plastiki huyafifisha. Kuitunza vizuri tu hakutoshi. Ipige picha siku ileile.

Lakini si kupiga ovyo. Akachukua mfano: viti 12 vya kukodisha, kila kimoja shilingi 15,000, jumla 180,000. Kwenye daftari la matumizi ni mstari wa 14, kwa hiyo namba 14 inaandikwa kwa kalamu juu ya risiti. Risiti inalazwa pembeni ya mstari huo, na vyote viwili vinaingia kwenye picha moja, pembe nne zikionekana na tarakimu zikisomeka. Nauli ya kirikuu, 10,000, haikuwa na risiti. Hapo inaandikwa hati ya malipo, dereva na wanachama wawili wanasaini, nayo inapewa namba 15 na kupigwa picha.

“Sasa mwanangu, simu ikiibiwa?” aliuliza bibi mmoja.

“Ndiyo maana, bibi, picha inatumwa kwenye grupu la WhatsApp kabla kikao hakijafungwa. Ya katibu ikipotea, ya kwako ipo. Na karatasi yenyewe inarudi kwenye sanduku, hatuitupi.”

Hapo ndipo kazi ya mkaguzi inapokuwa nyepesi. Hafukui tena bahasha. Anashika mstari wa 14, anatafuta picha 14, analinganisha kiasi na tarehe, anasonga mbele. Picha 13 ikifuatiwa na 15, pengo linajionyesha lenyewe. Risiti moja ikitokea chini ya namba mbili, kuna mtu kalipwa mara mbili. Akiitilia shaka ya mashine, anaingiza namba yake ya uhakiki kwenye tovuti ya TRA ya kuhakiki risiti. Ile ya kuandikwa kwa mkono haina kinga hiyo, inabidi apige simu dukani.

Nilipenda mwezeshaji hakuwadanganya. Picha inathibitisha karatasi, alisema, haithibitishi mzigo. Mtu anaweza kuleta risiti safi kabisa ya viti ambavyo havikufika.

Wakainuka kwenda kuhesabu. Viti vilikuwa 11. Cha 12, mzee mmoja alikiri huku akicheka, kilikuwa kwake, alikiazima kwa ajili ya mgeni.