Keshia Mmoja na Theluthi

Tuchukue supamaketi moja ya Dar es Salaam, jirani na soko, inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Msimamizi amepitia risiti za wiki kadhaa na sasa anajua kila saa inahitaji makeshia wangapi ili foleni isirefuke. Saa ya kwanza anatosha mmoja, inayofuata wawili, kisha watatu. Kuanzia saa 5 hadi saa 6 wanatakiwa watano. Saa 6 mchana hadi saa 10 jioni ni wanne wakati wote, saa 10 hadi 11 wanahitajika tena watano, halafu idadi inashuka: watatu, wawili, na mmoja wa kufungia duka.

Kila keshia anafanya kazi saa 4, anapumzika saa 1, kisha anamalizia saa 4 nyingine. Mapumziko hayo si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mtu anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate angalau dakika 60 za kupumzika. Kwa hiyo zamu ziko nne. Zamu A inaanza saa 2 na kupumzika saa 6 mchana. B inaanza saa 3 na kupumzika saa 7. C inaanza saa 4 na kupumzika saa 8. D inaanza saa 5 na kupumzika saa 9. Tuseme malipo ya siku ni shilingi 20,000, ila D analipwa 24,000 kwa sababu anatoka usiku na kuongezewa nauli.

Swali ni hili: tuweke watu wangapi katika kila zamu ili mishahara iwe midogo kabisa na kaunta isipungukiwe hata saa moja?

Kila zamu tunaipa herufi, na herufi hiyo inasimama badala ya idadi ya watu wake. Kisha kwa kila saa tunaandika nani wako kaunta. Saa 6 hadi 7 mchana A wako kwenye chakula, kwa hiyo wanaobaki ni B, C na D, na jumla yao isipungue 4. Katika programu ya bure iitwayo `lp_solve`, hesabu nzima inaandikwa hivi:

```
min: 20000 A + 20000 B + 20000 C + 24000 D;
A >= 1;
A + B >= 2;
A + B + C >= 3;
A + B + C + D >= 5;
B + C + D >= 4;
A + C + D >= 4;
A + B + D >= 4;
A + B + C >= 4;
B + C + D >= 3;
C + D >= 2;
D >= 1;
int A, B, C, D;
```

Saa ziko 12 lakini masharti ni 11, kwa kuwa saa mbili zinazohitaji watu watano zina sharti lilelile. Alama ya `>=` ina kazi kubwa hapa. Anayeanza hushawishika kuweka `=`, akitaka watu walingane na mahitaji bila hata mmoja wa ziada. Tujaribu: saa ya kwanza inalazimisha A awe 1, ya pili B awe 1, ya tatu C awe 1, na ya nne D awe 2. Lakini saa ya mwisho inadai D awe 1. Programu itajibu `infeasible`, yaani hakuna ratiba inayotimiza masharti yote. Jibu hilo likitokea, kagua kwanza alama hizo kabla ya kulaumu idadi ya wafanyakazi.

Sasa ondoa mstari wa mwisho, ule wa `int`, uone kinachotokea. Programu itasema kila zamu ipewe watu 1.33, kwa gharama ya shilingi 112,000. Keshia mmoja na theluthi! Mtu atasema tukadirie tu. Ukishusha hadi 1 kila zamu, unapata watu 4, na mmoja akienda kula wanabaki 3. Ukipandisha hadi 2, unapata watu 8 na gharama ya 168,000. Kaunta zitatosha, lakini fedha nyingi zimepotea bure.

Vipande hivyo vinaletwa na saa ya chakula. Kama kila zamu ingekuwa saa zinazofuatana bila pengo, ndani ya siku moja isiyovuka usiku wa manane, hesabu ya kawaida ingekuwa na jibu bora la namba kamili hata bila mstari wa `int`. Hilo limethibitishwa kihisabati. Pengo likishaingia katikati ya zamu, uhakika huo unaondoka.

Dawa yake ilichapishwa mwaka 1960 na wanahisabati wawili wanawake wa London School of Economics, Ailsa Land na Alison Doig. Badala ya kukadiria, unagawanya swali. A haiwezi kuwa 1.33, kwa hiyo ama ni 2 au zaidi, ama ni 1 au pungufu. Unakokotoa kila upande peke yake.

Upande wa A kuwa 2 au zaidi unaleta jibu la namba kamili: A 2, B 2, C 1, D 1, kwa shilingi 124,000. Hilo linawekwa akiba. Upande wa A kuwa 1 unaleta 116,000, lakini B, C na D zote ni 1.5. Tunagawanya tena kwa B. Ikiwa B haizidi 1, gharama haiwezi kushuka chini ya 128,000, na kwa kuwa tayari tuna 124,000 mkononi, tawi hilo linakatwa bila kuchunguzwa zaidi. Ikiwa B ni 2 au zaidi, haishuki chini ya 124,000. Matawi yamekwisha. Hakuna ratiba ya bei nafuu kuliko 124,000, na hilo ni thibitisho kamili.

Watu 6, basi. Anayetilia shaka anaweza kuhakiki kwa kichwa. Wakiwa 5, hakuna zamu inayoweza kuwa na wawili, maana wawili hao wakienda kula wanabaki 3. Lakini zamu ziko nne, na mmoja kila zamu ni watu 4 tu. Watano hawapangiki.

Uamuzi hapo ulielekeza kidole kwenye saa ya chakula, na msimamizi makini angeanzia hapo. Aongeze zamu ya tano, E, ya kibarua wa saa 4 kuanzia saa 6 mchana hadi saa 10 jioni, kwa shilingi 12,000. Kwa saa moja kibarua huyu ni ghali kuliko keshia wa kutwa: 3,000 dhidi ya 2,500. Kwa macho tu ungemkataa. Ongeza `12000 E` kwenye gharama, na `+ E` kwenye masharti manne ya saa 6 hadi saa 10 (yale yanayoishia na 4), kisha E kwenye mstari wa `int`. Jibu linakuwa watu wawili katika A, mmoja mmoja katika B, C na D, na kibarua mmoja. Gharama ni 116,000, pungufu kwa 8,000 kila siku. Anayelipwa zaidi kwa saa ndiye anayepunguza bili, kwa sababu anaziba pengo lililokuwa likidai mtu wa sita wa kutwa.

Programu itakupa ratiba moja na kunyamaza, lakini hapa ziko tatu zenye gharama ileile: yule mtu wa pili anaweza kuwa A, B au C, na masharti yote yanatimia. Uchaguzi huo hauhitaji hesabu tena. Msimamizi anaweza kuwauliza makeshia wenyewe nani hapati daladala ya kumfikisha kazini kabla ya saa 2 asubuhi.