Sahani Moja, Macho Maelfu

Kiazi kimoja kilichopondwa, kikaviringwa na kukaangwa. Kipande cha piza, punje za mahindi, keki ndogo. Hicho ndicho chakula cha mchana alichopiga picha Martha Payne, msichana wa miaka 9, shuleni kwake Lochgilphead, Scotland, Mei 2012. Akaiweka mtandaoni kwenye blogu yake mpya, NeverSeconds, jina lenye maana kwamba hakuna kuongezewa. Chini ya picha alieleza kwamba kiazi kimoja hakimtoshi kusoma mchana kutwa.

Babaye alimsaidia kuifungua blogu, wakitarajia labda ndugu na jamaa wataisoma. Siku chache baadaye wasomaji walikuwa maelfu, mpishi mashuhuri Jamie Oliver naye akaipigia debe.

Ninachompendea binti huyu ni kwamba hakubadilisha somo. Aliendelea na sahani yake: kila mlo akautaja bei, akaupa alama za ladha na za afya, akahesabu hata matonge aliyokula. Alikuwa mkweli, maana mlo mzuri aliupa alama nzuri. Haukupita muda wanafunzi wakaambiwa wanaweza kujiongezea saladi, matunda na mkate wapendavyo. Watoto wa nchi nyingine nao wakaanza kumtumia picha za sahani zao.

Hapo akafanya jambo lililokuja kuzaa matunda makubwa. Alifungua mchango kwa ajili ya Mary's Meals, shirika linalowapa watoto uji shuleni, akilenga pauni 7,000 za kujenga jiko moja Malawi.

Tarehe 14 Juni aliitwa kutoka kwenye kipindi cha hesabu na kuambiwa asipige picha tena. Gazeti moja lilikuwa limebeba kichwa cha habari kilichozungumzia kuwafukuza wapishi, na halmashauri ikasema wafanyakazi wa jikoni wanahofia ajira zao. Hofu hiyo niielewe vipi nisiionee huruma? Mama anayepakua chakula si yeye anayepanga bajeti. Lakini kumnyamazisha mtoto hakukuwa dawa. Martha aliandika kwaheri fupi, akawaeleza wasomaji kilichotokea, na kusikitika kwamba huenda lengo la mchango halitafikiwa.

Mchango ulikuwa umefikia kama pauni 2,000. Waliokasirishwa na katazo walipofika kwenye blogu walikuta mlango wa kutolea uko wazi, wakatoa. Lengo likapitwa haraka. Kesho yake halmashauri ikaondoa katazo, na baadaye mchango ukavuka pauni 100,000.

Mwaka huohuo Martha alisafiri hadi Malawi, kwenye shule ya msingi ya Lirangwe, akaliona jiko lenyewe. Watoto walipanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, wakipakuliwa uji wa moto wa mahindi na soya.