Submariner ya Bei ya Kutupa: Ipime, Kisha Ifungue

Binamu yangu alinitumia picha za Rolex Submariner iliyokuwa ikiuzwa mtandaoni, modeli 126610LN, kwa robo ya bei ya dukani. Picha zilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililonitia shaka, maana picha ya saa halisi ya mtu mwingine huibwa kwa sekunde moja. Nikamwambia aombe video mpya: saa iwe juu ya mizani ya jikoni, na pembeni karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo.

Mizani ikasoma gramu 118. Saa halisi ya modeli hiyo, mkanda ukiwa na pingili zote, hukaribia gramu 155. Ukitoa pingili mbili ili mkanda ukutoshe, unapoteza gramu chache tu, na hii haikuwa imetolewa hata moja. Upungufu wa namna hiyo kwa kawaida hutokana na pingili zenye uwazi ndani au madini hafifu. Lakini mizani peke yake haitoshi. Submariner za chuma za kabla ya 2010 zilikuwa nyepesi, kwani kufuli la mkanda lilikuwa la bati lililokunjwa. Isitoshe, feki za daraja la juu siku hizi zina uzito uleule wa saa halisi.

Kwa hiyo tulimtaka muuzaji aje nayo kwa fundi saa. Kifuniko cha nyuma cha Submariner ni chuma kitupu. Ukionyeshwa yenye kioo nyuma, achana nayo. Fundi alikifungua kwa ufunguo wake maalumu, akanipa lenzi.

Macho yangu yalikwenda kwenye gurudumu dogo linalopwita huku na huku. Kwenye mashine halisi, kaliba 3235, gurudumu hilo hushikwa na daraja lililofungwa pande zote mbili, waya wake mwembamba ni wa buluu, na mwendo hurekebishwa kwa vinati vidogo vilivyo kwenye gurudumu lenyewe. Hapa daraja lilishikilia upande mmoja tu, na juu yake palikuwa na kikono cha kusukuma kando ya alama za kujumlisha na kutoa. Mashine ya bei nafuu kabisa.

Hata feki inayoiga mpangilio huo wote huumbuliwa na umaliziaji. Kingo za vipande vya mashine halisi zimechongwa mshazari na kung'arishwa, na mifuo ya vichwa vya skrubu ni safi. Kwenye ile saa kingo zilikuwa na vinyuzi vya chuma, na skrubu mbili zilikuwa zimekwaruzwa na bisibisi.

Tafadhali, usitume hata shilingi kabla saa haijafunguliwa mbele yako, kwa fundi uliyemchagua na kumlipa wewe. Ikiwa halisi, mwambie aipime tena kama haiingizi maji baada ya kuifunga.