Utepe Mweupe Pembeni mwa Askari

Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam ni mtihani mzuri kwa yeyote anayehariri picha. Ni shaba iliyokolea weusi, na mchana nyuma yake kuna anga inayong'aa. Ukiinoa picha hiyo kwa pupa, bega na bunduki huzungukwa na utepe mweupe, kana kwamba mtu amekata sanamu kwa mkasi na kuibandika juu ya anga.

Wengi hudhani utepe huo ni hitilafu ya programu. Sivyo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kichujio cha Unsharp Mask, kilichomo ndani ya Photoshop, GIMP na programu nyingine nyingi. Asili yake ni chumba cha giza cha enzi za filamu. Fundi alitengeneza nakala ya negativu yenye ukungu wa makusudi, akaipachika juu ya negativu yenyewe, kisha akasafisha picha kupitia zote mbili. Katika miaka ya 1970, mwanaastronomia David Malin alitumia mbinu hiyo kule Australia kuonyesha maumbo madogo yaliyomezwa na mwanga wa galaksi.

Kompyuta hufuata njia ileile. Hutengeneza nakala yenye ukungu, huitoa kwenye picha halisi, kisha tofauti iliyopatikana huiongeza kwenye picha. Katikati ya anga tupu tofauti hiyo ni sifuri, hivyo hakuna kinachobadilika. Kwenye ukingo, upande mweupe huzidi kuwa mweupe na upande mweusi huzidi kuwa mweusi. Jicho huona ukali. Kwa hiyo picha yoyote iliyonolewa ina utepe. Tunachotafuta ni utepe mwembamba kiasi cha kutoonekana.

Upana wake huamuliwa na Radius, yaani ukungu unasambaa umbali gani. Tuseme anga ina mwangaza wa 220 na sanamu ina 60, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Weka Radius 1 na Amount ya asilimia 100 (kwenye GIMP huandikwa 1.0). Pikseli ya kwanza ya anga huongezewa takriban 49, ya pili 11, ya tatu 1 tu. Utepe umeishia hapo. Sasa weka Radius 4 bila kugusa kingine: pikseli tatu za kwanza zote hugonga 255, weupe usio na kitu ndani yake, na mabaki hufifia taratibu mpaka karibu na pikseli ya kumi. Huo mtu anauona hata akiwa amesimama mbali na skrini.

Amount haipanui utepe, huukoleza tu. Hata kwa Radius 1, ile pikseli ya kwanza ilitakiwa kufika 269, ikakatwa kwenye 255. Ukishusha Amount hadi asilimia 60 inafika 249, na anga inabaki kuwa anga. Kwa picha hii mimi ningeanzia hapo.

Threshold ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Watu huipandisha wakitumaini itafuta utepe, lakini yenyewe huzuia tofauti ndogo tu zisiguswe, na utepe huzaliwa pale penye tofauti kubwa kuliko zote. Kazi yake ni kuiacha chengachenga ya anga ilale. Kama chenga hizo zinapishana kwa 2 au 3, Threshold ya 4 kwenye Photoshop inatosha (GIMP hutumia kipimo cha 0 hadi 1, kwa hiyo usihamishe namba hiyo kama ilivyo). Ukiizidisha, mikunjo ya sare ya Askari itabaki laini huku kingo zake zikiwa kali, na sanamu itafanana na plastiki.

Wakati mwingine mikunjo hiyo inahitaji nguvu ambayo anga haiwezi kuihimili. Hapo nakili tabaka la picha mara mbili na uzinoe nakala zote kwa namba zilezile. Moja iwekee hali ya Darken only, ujazo asilimia 100; nyingine Lighten only, ujazo asilimia 30. Kwenye Photoshop hali hizo huitwa Darken na Lighten. Sehemu nyeusi hunolewa kikamilifu, na ile pikseli ya anga iliyogonga 255 hushuka hadi karibu 230. Utepe mweusi unabaki, lakini juu ya shaba nyeusi nani atauona?

Fanya haya yote baada ya kupunguza picha kufikia ukubwa wa mwisho, na uitazame kwa asilimia 100, kwani ikiwa imebanwa kwenye skrini utepe hujificha. Tena, kabla ya kugusa chochote, kagua ukingo wa picha ghafi. Simu nyingi huinoa picha zenyewe wakati wa kuihifadhi. Ukikuta utepe tayari upo, Unsharp Mask itauona kama ukingo mwingine na kuunoa pia. Hakuna mpangilio wa namba hizo tatu unaoweza kuuondoa.