Kinjeketile Gerezani: Kufundisha kwa Picha Tuli

Mwisho wa tamthilia ya Kinjeketile, iliyoandikwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969, huwapita wanafunzi wengi kwa sababu vita vyenyewe vimeshamalizika. Wapiganaji wa Maji Maji wameshindwa. Kinjeketile ametiwa mbaroni, amepigwa, na anatakiwa atamke jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Ukiuliza darasani kwa nini amekataa, utajibiwa kwamba alikuwa shujaa. Jibu hilo halitoshi, maana Kinjeketile mwenyewe alishaanza kuyatilia shaka maji hayo kabla ya vita. Vipi mtu akubali kuteswa kwa ajili ya neno ambalo hana hakika nalo?

Swali hilo ndilo la kuandikia somo, na picha tuli zinalifaa. Wanafunzi hujipanga kama watu waliopigwa picha katikati ya tendo, wakaganda bila kusema wala kusogea. Mbrazili Augusto Boal aliitumia sana njia ya namna hii katika miaka ya 1970, akiwaacha watu waoneshe kwa miili yao mambo waliyoshindwa kuyasema.

Tuchukue vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, na wanafunzi 48. Chagua ukurasa mmoja tu wa onyesho hilo, usomwe kwa sauti mara mbili. Kisha ligawe darasa katika makundi ya watu sita, na kila kundi litafute picha tatu: kabla ya Kinjeketile kuulizwa, anapoulizwa, na baada ya kukataa. Dakika kumi zinatosha. Ukiwapa ishirini watakesha wakigombania nani awe askari.

Kwa kuwa wahusika wa pale gerezani ni wachache, wanafunzi watakaobaki wasiachwe wasimame tu kama miti. Wape kuwa wale wasioonekana jukwaani: waliokufa wakiwa wameyaamini maji, au wajukuu ambao hawajazaliwa. Hapa ndipo penye utajiri wa somo hili, kwa sababu kundi litalazimika kuamua Kinjeketile anamtazama nani wakati anakataa. Akimtazama askari, kukataa kwake ni ukaidi. Akiwatazama wajukuu, ni wasia.

Makosa utayaona mapema. La kwanza ni wote kusimama mstari mmoja wakimwelekea mwalimu, kama picha ya harusi. Waambie wabadilishe urefu, kwa maana kwamba mmoja apige magoti, mwingine asimame, na mwingine awape mgongo watazamaji. La pili ni picha zote tatu kuwa za kipigo. Weka sharti kwamba hakuna anayemgusa mwenzake. Rungu liishie hatua moja kutoka mwilini. Sharti hilo linawalinda, na pia linawafanya wafikirie macho na umbali badala ya ngumi. Kicheko nacho hutokea, hasa kwenye picha ya kwanza. Hesabu moja hadi tatu kwa sauti tulivu, wagande kwa sekunde kumi, na anayecheka arudie bila kukemewa.

Usiyaoneshe makundi yote manane moja baada ya jingine, muda utaisha na watazamaji watachoka. Manne yagande pamoja huku wenzao wakitembea kati yao, kisha wabadilishane. Watazamaji kwanza waseme wanachokiona tu: mkono uko wapi, nani yuko chini. Maana ije baadaye, ikifuatana na mstari wa kitabu unaoithibitisha. Mwalimu akiruhusu maana itangulie, kila picha itaitwa ukandamizaji na mjadala utakufa hapo.

Kisha chagua picha moja uifanyie kazi kwa kina. Tuseme wamemweka Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, nyuma ya Kinjeketile, kichwa kimeinama. Mguse bega, naye aseme sentensi moja ya mawazo ya Kitunda. Mmoja anaweza kusema, “Nimewapeleka watu wangu kufa.” Sasa msogeze mbele, amkabili Kinjeketile ana kwa ana, umguse tena. Sentensi hubadilika, inakuwa lawama au ombi. Waulize darasa ni mahali gani panapoungwa mkono na maneno ya tamthilia, wakafungue kitabu. Wakikuta kwamba picha yao nzuri haina hata mstari mmoja wa kuishikilia, waipange upya. Hiyo ni kazi halali ya somo, na isifichwe kwa makofi.

Dakika kumi na tano za mwisho ni za kuandika. Kila mwanafunzi aandike aya moja kueleza kwa nini Kinjeketile alikataa, akianzia mahali alipomwona amesimama na kumalizia kwa ushahidi wa maandishi. Anayeandika bado kwamba alikuwa shujaa na kuishia hapo, picha haikumfikia; mrudishie swali la nani alikuwa akitazamwa. Jambo moja njia hii haiwezi kulifanya: haifundishi lugha ya Hussein, mapigo ya mazungumzo na ukimya ulio kati ya sentensi. Hayo yanahitaji kipindi kingine, wanafunzi wakiwa wameketi wawili wawili, wakiyasoma maneno yale yale kwa sauti.